Funguo kwenye Bahasha: Kisa cha Kumwita Karani wa Stoo kwenye Tathmini ya Mwaka

Ijumaa moja ya Januari, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, nilimwandikia karani wetu wa stoo ujumbe wa maneno kumi na moja kwenye WhatsApp: "Jumatatu saa mbili asubuhi uje ofisini kwangu. Uje na faili yako." Nikafunga ofisi, nikapanda matatu ya kwenda nyumbani.

Kwangu mimi jambo lilikuwa jepesi. Tunauza pembejeo za kilimo hapa Nakuru: mbegu, mbolea na dawa za mimea na mifugo, na wateja wetu wengi wanatoka Njoro, Molo, Bahati na Subukia. Mvua ndefu zinapokaribia, wakulima wanaanza kununua na stoo haipumui tena mpaka watu wamalize kupanda. Kwa hiyo tathmini za mwaka lazima ziishe Januari. Nilikuwa na watu wanane wa kukaa nao, mmoja baada ya mwingine, na nilianza na karani kwa sababu tu Jumatatu asubuhi stoo huwa shwari. Hiyo "faili" niliyoitaja ni ile ya hesabu za bidhaa, anayoitumia kila siku.

Jumatatu alifika dakika kumi kabla ya saa mbili. Hakuketi. Aliweka mezani bahasha ya kaki, na juu yake karatasi aliyoiandika kwa mkono: ufunguo wa stoo kubwa, ufunguo wa kabati la dawa, ufunguo wa geti la nyuma. Kila ufunguo ulikuwa umefungiwa kijikaratasi chenye jina lake, ili atakayeupokea asihangaike. Kwapani alikuwa na faili nyingine kabisa, yenye barua yake ya ajira na vyeti vyake. "Madam," akasema, "nimeandika vyote. Nilikuwa naomba tu nimalize mwezi."

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimewaona mameneja wengi, wazuri kabisa, wakiandika ujumbe kama ule wangu kila mwisho wa mwaka, na huku upande wa pili mtu anapoteza usingizi siku tatu.

Tuanze na alichokisoma yeye, maana alikisoma kwa akili timamu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, kwa utendakazi duni au kwa kushindwa kufanya kazi kwa sababu za kiafya, kwanza amweleze sababu hizo kwa lugha anayoielewa, na wakati wa maelezo hayo mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kisha lazima asikilizwe. Ni sheria nzuri, inamlinda mtu. Lakini kwa sababu yake, mfanyakazi wa kawaida amekwisha kuona au kusikia barua za kuitwa kwenye kikao cha namna hiyo, na barua hizo zina sura yake: siku, saa, ofisi ya mkubwa, uje na hiki au kile, hakuna salamu. Ujumbe wangu ulikuwa na sura hiyohiyo. Ulikosa tu muhuri.

Kulikuwa na mengine mawili ambayo mimi niliyajua na sikuyafikiria. Mahali alipofanya kazi kabla ya kuja kwetu, waliitwa mwishoni mwa mwaka kwa "mazungumzo" na siku hiyohiyo wakarudi nyumbani na barua. Alinisimulia mwenyewe miaka miwili iliyopita. La pili, Agosti mifuko kumi na minne ya mbolea ya kilo 50 haikupatikana kwenye hesabu. Tuliitafuta wiki mbili tukagundua ilipakiwa kwenye gari la Molo kwa hati ya mzigo mwingine. Kosa halikuwa lake, na jambo likafungwa kwa maandishi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilimtikisia unyasi Ijumaa jioni, saa ambayo hakuna mtu wa kumuuliza mpaka Jumatatu.

Siku hiyo sikufanya tathmini. Hili nalishikilia sana: mtu aliyekuja kukabidhi funguo hawezi kutathminiwa saa hiyohiyo, hata ukimwambia amekosea kuelewa. Atakubali kila kitu. Ukimwambia ripoti zinachelewa, atasema ndiyo, samahani, na hutajua kamwe zinachelewa kwa nini. Nilimrudishia bahasha mkononi, nikamwambia, "Dada, hufukuzwi. Nilitaka tukae kwa tathmini ya mwaka, kama nitakavyokaa na wote. Nimeandika vibaya na nimekuharibia wikendi. Nisamehe." Kisha tukatembea pamoja mpaka stoo, mbele ya watu, tukiongea habari za mzigo. Kutembea huko kulikuwa na kazi yake, kwa sababu vijana wa kupakia walikwisha mwona akiingia na bahasha.

Jumanne nikaanza upya.

Kwanza niliongea na wote wanane pamoja, kwenye kile kikao chetu kifupi cha asubuhi kabla magari hayajatoka. Nilisema kila mmoja atakaa na mimi saa moja kabla ya mwezi kwisha, kuanzia msimamizi wa magari hadi karani wa mapokezi, na kwamba kila mtu nitampa siku yake mwenyewe. Ilichukua dakika tatu. Kama ningefanya hivyo wiki moja mapema, nusu ya kisa hiki isingekuwepo. Mtu anayeitwa peke yake hutafuta sababu ya kuitwa peke yake. Akijua ni zamu, anauliza tu zamu yake ni lini.

Baada ya hapo nilimfuata stoo, nikamwambia kwa mdomo kwamba nitamtumia ujumbe wenye maelezo yote. Halafu nikamuuliza: "Jumatano ijayo, saa nne asubuhi au saa nane mchana, ipi inakufaa?" Akajibu saa nne, kwa sababu kungoja mpaka mchana kungemchosha. Swali hilo lilikuwa na maana kuliko linavyoonekana. Ukimwambia mtu mwenye hofu "Jumatano saa nne, sawa?", atakujibu "sawa madam", na hiyo "sawa" haikuambii lolote. Ndiyo neno alilonijibu Ijumaa ile pia: "Sawa madam," pamoja na kidole gumba. Ukimpa mambo mawili achague, lazima akili yake iingie kwenye kalenda, iondoke kwenye hofu japo kwa dakika moja, na wewe unasikia sauti yake.

Kisha nikaandika. Huu ndio ujumbe, nilivyoutuma saa tatu asubuhi, kwake peke yake:

"Habari ya asubuhi, dada. Kama tulivyoongea stoo, hiki ni kikao chetu cha tathmini ya mwaka, kilekile ambacho kila mtu wa idara anakaa nami mwezi huu. Tutakaa mimi na wewe tu, Jumatano tarehe 22, saa nne asubuhi, kwenye chumba kidogo kando ya mapokezi, kwa muda wa saa moja hivi.

Tutaangalia kazi ya mwaka uliopita: yaliyokwenda vizuri, yaliyokuwa magumu, na unachohitaji kwangu msimu huu. Hesabu yako ya mwezi wa Novemba na Desemba imekaa vizuri na nitataka unieleze ulivyoipanga. Jambo moja nitataka tulichimbe ni ripoti ya wiki, ambayo mara kadhaa imenifikia imechelewa. Nakuambia mapema ili uje na maoni yako. Ile ya mifuko ya Agosti ilifungwa, siifungui.

Hiki si kikao cha nidhamu, na hakuna uamuzi wowote kuhusu kazi yako unaongoja siku hiyo. Mambo ya mshahara huamuliwa na wakurugenzi mwezi wa Aprili, kwa hiyo hapo sitakuwa na jibu.

Nimekuwekea karatasi moja ya maswali mezani kwako. Ijaze kadiri utakavyoweza, ikibaki tutaimalizia pamoja. Ukiwa na swali kabla ya siku hiyo, nipate stoo au nipigie."

Ni mrefu kwa ujumbe wa simu, najua. Lakini kila sentensi ilikuwa inajibu swali ambalo vinginevyo angejijibu mwenyewe usiku, na majibu ya usiku huwa mabaya.

Angalia mpangilio. Ile "si kikao cha nidhamu" haikuja mwanzoni. Kwenye rasimu yangu ya kwanza ilikuwa sentensi ya kwanza kabisa, nikaihamisha. Mtu akifungua simu akakutana na neno "nidhamu", limeshaingia, hata kama limetanguliwa na "si". Mwambie kwanza kikao ni nini, nani atakuwepo, wapi, muda gani; akishatulia ndipo umwambie kisichokuwa. Na kwa karani huyu niliiweka kwa sababu hofu hiyo nilikwisha kuiona kwa macho yangu, ndani ya bahasha. Kwa wale saba wengine sikuiandika popote, kwa kuwa ningewapa wazo ambalo hawakuwa nalo.

Sikuandika pia "usiwe na wasiwasi". Maneno hayo hutoka mdomoni kwa urahisi, na anayeyapokea anajiuliza tu: wasiwasi wa nini? Kinachotuliza ni jambo ambalo mtu anaweza kulihakiki. "Mimi na wewe tu" ataliona akifungua mlango. "Saa moja hivi" ataipima kwa saa. "Agosti ilifungwa" ana karatasi yake.

Kuhusu ripoti zinazochelewa, mwenzangu mmoja aliyeusoma ujumbe huu baadaye aliniambia ningeliacha jambo hilo mpaka siku yenyewe ili nisimtie hofu zaidi. Sikubaliani naye. Ningemwandikia sifa tupu, kisha Jumatano nikamtolea ripoti zilizochelewa, angejifunza kwamba ujumbe wangu mtamu una kitu nyuma yake, na mwaka ujao hakuna maneno yangu yangemtuliza. Hofu yake kubwa ilikuwa ya kitu asichokijua. Ukikitaja kwa jina na kwa ukubwa wake halisi, kinapungua. Lakini sharti ukitaje kwa ukubwa wake halisi: "mara kadhaa imechelewa", si "kuna changamoto kwenye ripoti zako", neno ambalo linaweza kumaanisha chochote kuanzia tahajia hadi wizi.

Sasa kuna sentensi moja pale ambayo meneja asiinakili bila kufikiri, nayo ni "hakuna uamuzi wowote kuhusu kazi yako unaongoja siku hiyo". Kwangu ilikuwa kweli. Ameajiriwa kwa kudumu, na hapakuwa na mpango wowote dhidi yake. Angekuwa na mkataba unaokwisha Machi, sentensi hiyo ingekuwa uongo wa nusu, na ingenibidi nimwambie mkataba utazungumzwa lini na na nani. Na ukishaiandika, inakufunga. Nikikuta katikati ya tathmini jambo zito, siwezi kukigeuza kikao hichohicho kuwa cha kujieleza. Yanayotakiwa na kifungu cha 41 nitakuwa sijayatimiza: hakuelezwa anatuhumiwa nini, wala hana mtu wa kuwa naye. Hapo ni kufunga karatasi, kusema jambo hili litaitiwa kikao chake, na kuliandikia barua inayostahili. Vivyo hivyo, kama kweli unafikiria kumwachisha mtu kazi kwa utendakazi duni, usimwite kwa lugha ya tathmini ya kawaida ili aje ametulia. Upole wa namna hiyo ni mtego, na wafanyakazi wengine wote watausikia kabla ya chakula cha mchana.

Mahali na siku navyo havikuwa vya kubahatisha. Ofisini kwangu nilipakataa kwa sababu ndipo alipokuja na funguo. Kile chumba kando ya mapokezi kina meza ya duara na mlango wa kioo, na watu hukitumia hata kunywa chai. Jumatano niliichagua kwa sababu Jumatatu inamwachia mtu wikendi nzima ya kutafuna mawazo, na Ijumaa inampeleka nyumbani na maneno ambayo hawezi kuyaulizia tena. Kutoka ujumbe hadi kikao zilikuwa siku sita za kazi. Ukimpa mbili, hana muda wa kujaza karatasi wala kutafuta mifano yake. Ukimpa wiki tatu, ngojangoja yenyewe inakuwa mzigo.

Jambo dogo ambalo karibu linichome: ofisi yetu ina Google Calendar ya pamoja, na mtu wa mapokezi ndiye anayeingiza miadi. Alikuwa ameandika jina la karani na "kikao na meneja", kila mtu akiona. Nilimwomba ayaingize yote manane kwa kichwa kimoja, "Tathmini ya mwaka", bila jina, na sehemu ya "Visibility" aweke "Private", ili wengine waone tu kwamba nina shughuli. Usiri huo haukuwa wa kumficha yeye. Ulimwacha awe na zamu kama wenzake.

Katikati ya siku hizo nilikuwa nikimtazama, maana jibu la simu halitoshi. Jumatano na Alhamisi alibaki stoo baada ya saa za kazi akihesabu upya rafu ambazo zilikwisha hesabiwa, na mchana hakwenda kula na wenzake. Hizo ni dalili. Mfanyakazi mwenye hofu haulizi, anafanya kazi kupita kiasi. Sikumuuliza "uko sawa?" mbele ya vijana wa kupakia, kwa sababu angesema yuko sawa. Ijumaa nilipopita kuangalia mbegu za mahindi zilizoingia, nilimuuliza amefika wapi na ile karatasi. Akasema swali la tatu halielewi, lile la "malengo ya mwaka ujao". Nikamwambia aandike tu kitu kimoja anachotaka kiwe rahisi zaidi stoo ifikapo Desemba. Akacheka kidogo. Jioni hiyo alitoka saa kumi na moja pamoja na wenzake, na mimi nikaenda wikendi nikijua kwamba tarehe haikuwa tena donda.

Jumatano ya tarehe 22 alikuja na karatasi iliyojaa pande zote mbili. Nilianza na hesabu za Novemba na Desemba kama nilivyoahidi, kwa mpangilio uleule wa ujumbe, kwa sababu ukibadilisha mpangilio unamrudisha kwenye kubahatisha. Alieleza jinsi alivyogawa stoo kwa rangi za chaki sakafuni, dawa zinazokaribia kuisha muda zikiwa upande wa mlango. Sikuwa nimejua hilo, na mimi ndiye meneja wake.

Tulipofika kwenye ripoti, hakusema samahani. Alifungua daftari lake akanionyesha tarehe. Ripoti ilitakiwa Ijumaa saa kumi, lakini hati za mizigo ya Molo na Njoro hurudi na madereva Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi. Kila alipoitoa kwa wakati ilikuwa na mapengo, na kila aliposubiri ilichelewa. Alikuwa amechagua kuchelewa kuliko kuandika hesabu asiyoiamini, hasa baada ya Agosti. Tulisogeza siku ya ripoti hadi Jumatatu saa sita mchana, nikaandika pale kwenye fomu kwamba tatizo lilikuwa ratiba.

Fomu yetu ina nafasi chini ambapo mfanyakazi anaweza kuandika pale asipokubaliana na meneja. Nilimwonyesha na kumwambia aitumie akitaka, hata kesho. Aliandika mstari mmoja: kwamba anaomba hati za mizigo zitumwe kwa picha ya simu siku ileile gari linapopakua. Hilo halikuwa kupingana nami, lakini lilikaa vizuri hapo na nimeliacha lilivyo. Dakika hamsini zilikuwa zimepita. Tulitia saini nakala mbili, yake akaikunja akaitia kwenye mkoba, kisha akauliza kama anaweza kutoka, kwa sababu lori la mbolea kutoka Mombasa lilikuwa limeshapiga honi getini na ufunguo wa geti la nyuma alikuwa nao yeye.